Elfu kumi na tano ni ngapi? Jinsi ya kugeuza kiasi kilichotamkwa kuwa tarakimu kwenye muhtasari wa kikao

Mweka hazina akisimama kwenye kikao cha kikundi na kusema "tumepokea elfu kumi na tano", wajumbe wote wanaelewa na hakuna anayeuliza. Shida huanza baadaye, pale katibu anapokaa na daftari lake, au na sauti aliyoirekodi kwenye simu, akitaka kuandika muhtasari. Maneno yale manne yanaweza kuandikwa 15,000, yanaweza kuandikwa 10,005, na kama msemaji alituliza pumzi baada ya "elfu", yanaweza kuandikwa hata 1,015. Kwenye mdomo tofauti hizo hazionekani. Kwenye karatasi ni pesa ya mtu.

Tuanze na jibu, kisha sababu yake. Usomaji wa kwanza wa "elfu kumi na tano" ni 15,000, kwa sababu katika Kiswahili "elfu" hukaa mbele kama nomino yoyote inayohesabiwa, na idadi yake huifuata. Tunasema vikombe kumi na tano, na hakuna anayesikia vikombe kumi kisha kitu kingine kitano. Vivyo hivyo, "elfu kumi na tano" ni maelfu yaliyohesabiwa yakafika kumi na tano. Hiyo "na" iko ndani ya idadi, inaunganisha kumi na tano, haiunganishi elfu kumi na shilingi tano.

Lakini "na" hiyohiyo ina kazi ya pili. Inaunganisha pia fungu kubwa na fungu dogo, kama katika "elfu mbili na mia tano", yaani 2,500. Hapo ndipo mkanganyiko wote ulipo: neno moja, kazi mbili, na sikio halioni mabano. Anayetaka kusema 10,005 bila utata husema "elfu kumi na shilingi tano", au hugeuza mpangilio na kusema "kumi elfu na tano". Mpangilio huo wa kugeuza, idadi mbele na elfu nyuma, ndio unaofunga mlango kabisa: "kumi na tano elfu" haiwezi kuwa kitu kingine ila 15,000. Katibu anayeandika kiasi kwa maneno afadhali autumie huo, hata kama kwenye kikao hakuna aliyeutamka.

Je, utajuaje kwamba msemaji hakumaanisha 10,005? Kwa fedha taslimu Tanzania kuna kipimo chepesi. Sarafu zinazozunguka sokoni ni za shilingi 50, 100, 200 na 500, na shilingi tano haina tena cha kununua. Kiasi chochote cha taslimu kinachoishia na 005 au 015 kwenye muhtasari wako ni dalili ya kosa la uandishi, si malipo ya kweli. Kenya kipimo hicho kinalegea, maana sarafu za shilingi moja, tano, kumi na ishirini bado zinapita mikononi, na 10,005 inaweza kulipwa. Kinalegea pia Tanzania pale mazungumzo yanapohusu taarifa ya benki au makato ya kutuma pesa kwa simu, kwa sababu huko hesabu haifuati sarafu.

Na kikiwa kinachohesabiwa si fedha, kipimo kinatoweka kabisa. "Kura elfu kumi na tano" na "miche elfu kumi na tano" zinaweza kuwa 15,000, lakini kura 10,005 na miche 10,005 ni vitu vinavyotokea kila siku. Kwa hesabu za namna hiyo usiandike kwa kusikia. Iulize karatasi ya matokeo au aliyehesabu, kisha ndipo uweke tarakimu.

Hatari kubwa zaidi ya hiyo haizungumzwi sana, nayo ni "mia" inapofuata "elfu". Sikiliza hizi mbili: "elfu mia mbili" na "elfu na mia mbili". Ya kwanza ni 200,000. Ya pili ni 1,200. Kinachozitenganisha ni "na" moja, silabi inayomezwa kwa urahisi na mtu anayesema haraka au na simu iliyowekwa mbali na msemaji. Sheria yake ni hii: "mia" ikigusana na "elfu" bila namba katikati, mia hiyo inahesabu maelfu, kwa hiyo inazidishwa. Ikitanguliwa na namba iliyo ya elfu, basi ni fungu jipya na inajumlishwa. "Elfu tano mia mbili" ni 5,200, kwa sababu elfu tayari zina idadi yake, ambayo ni tano. "Elfu mia tano na mbili" ni 502,000, kwa sababu elfu hazikupata idadi nyingine ila mia tano na mbili.

Tatizo liko kwa msemaji anayeacha kutaja "moja". Wengi husema "elfu, mia mbili" wakimaanisha 1,200, na wanachotegemea ni ule mtuo mdogo baada ya elfu. Mtuo hauandikiki. Ukiwa unasikiliza rekodi, irudie sehemu hiyo peke yake, na usikilize kama sauti inashuka baada ya "elfu". Ukiwa kikaoni, andika "elfu moja mia mbili" wakati huohuo, kabla kumbukumbu ya sauti haijapotea. Ikishindikana, muktadha utakusaidia: bei ya fungu la mchicha haiwi laki mbili, na kodi ya fremu haiwi elfu na mia mbili.

Hapo tumegusa laki, nayo ina tabia yake. Mtu akishataja laki, mara nyingi huacha kutamka "elfu" katika kinachofuata. "Laki tatu na arobaini" kwa maneno matupu ni 300,040, lakini anayeisema sokoni, kikaoni au kwa mwenye nyumba anamaanisha 340,000. "Laki na ishirini" ni 120,000. Vivyo hivyo "milioni mbili na mia tatu" ni 2,300,000, na "elfu" iliyomezwa ni ile ya mia tatu. Kwa hiyo baada ya laki au milioni, namba isiyokuwa na kipimo chake ihesabu kwanza kama maelfu, kisha uangalie kama jibu linaingia akilini. Mahali ambapo mimi nisingethubutu kukisia ni "milioni mbili na tano". Wapo wanaomaanisha 2,500,000, kama kufupisha "nukta tano", na wapo wanaomaanisha 2,005,000. Tofauti ya karibu nusu milioni haifai kuachiwa mazoea ya katibu. Inyanyulie mkono palepale.

"Nusu" ni rahisi ukishaijua kanuni yake: ni nusu ya kipimo cha karibu zaidi kilichotajwa kabla yake. Elfu tatu na nusu ni 3,500. Laki na nusu ni 150,000. Milioni moja na nusu ni 1,500,000, lakini milioni moja na laki mbili na nusu ni 1,250,000, kwa kuwa kipimo cha karibu hapo ni laki. Ikitangulia mbele, inasimama peke yake: nusu laki ni 50,000.

Kisha kuna kurudia namba, jambo ambalo huwaponyoka hata makatibu wazoefu. Kiswahili kikirudia namba, kinagawa: "wametoa elfu kumi kumi" maana yake kila mmoja ametoa 10,000. Si 20,000, si 10,010, na wala si msemaji kukwama. Aliyeandika muhtasari kwa haraka huiona "kumi" ya pili kama kurudia kwa bahati mbaya, akaifuta, na pesa ya kikundi kizima ikaandikwa kama ya mtu mmoja. Kila ukisikia namba imerudiwa, jiulize watu wangapi walihusika na uzidishe. Tofautisha na namba mbili zinazofuatana: "elfu mbili tatu" haigawi, inakadiria, yaani baina ya 2,000 na 3,000.

Sasa tuyaone haya yote mahali yanapokutana. Tuchukue kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama 18, Tanzania. Mweka hazina anatoa taarifa yake:

"Ndugu wanachama, mara ya mwisho tulifunga kisanduku kikiwa na laki tatu na arobaini. Leo wote kumi na nane mmenunua hisa za elfu kumi kumi, na mfuko wa jamii mmetoa mia tano tano. Faini, elfu tatu na nusu. Marejesho ya mkopo tumepokea elfu hamsini na tano. Tumetoa mkopo mmoja wa laki mbili na ishirini, na daftari na kalamu zimekula elfu sita mia tano. Kisanduku tunakifunga na laki tatu na sitini na moja."

Katika maneno hayo hakuna kiasi hata kimoja kinachofanana na namna kitakavyoandikwa. Salio la mwanzo, "laki tatu na arobaini", lina elfu iliyomezwa: 340,000. Hisa zimegawiwa, kwa hiyo 10,000 mara 18, ni 180,000. Mfuko wa jamii ni 500 mara 18, ni 9,000. Faini ni tatu na nusu ya elfu, 3,500. Marejesho ni 55,000. Ukijumlisha yaliyoingia leo unapata 247,500, na ukiongeza salio la mwanzo kisanduku kinafika 587,500.

Kwenye yaliyotoka, mkopo una elfu iliyomezwa tena, 220,000, na daftari na kalamu ni 6,500, maana elfu zilishapata idadi yake kabla ya "mia" kuingia. Jumla iliyotoka ni 226,500. Toa hiyo kwenye 587,500, kinabaki 361,000. Mweka hazina alisema "laki tatu na sitini na moja". Zimekutana, na kule kukutana ndiko kunakothibitisha kwamba usomaji wako wote ulikuwa sahihi, kuanzia laki ya kwanza hadi nusu ya faini. Salio la mwisho alilolitamka yeye ndiyo mizani yako. Kwa sababu hiyo, usiliandike kutokana na hesabu yako mwenyewe. Liandike alivyolisema, kisha ulipime.

Na zisipokutana? Tuseme katibu aliandika marejesho kuwa 50,005. Hesabu yake itampa salio la 356,005, wakati kisanduku kina 361,000. Tofauti ni 4,995. Igawe kwa 999, unapata 5 kamili. Hiyo tano ndiyo namba iliyopoteza elfu yake, ile "tano" ya "hamsini na tano". Si bahati. Namba yoyote iliyostahili kuzidishwa kwa 1,000 ikaandikwa kama ilivyo, imepungua kwa namba hiyo mara 999. Kama angekosea salio la mwanzo na kuandika 300,040, pengo lingekuwa 39,960, na 39,960 kugawanya kwa 999 ni 40, yaani arobaini ileile aliyoisikia. Kwa hiyo pengo likigawanyika kwa 999 bila baki, usianze kupekua risiti. Chukua jibu la mgawanyo, litafute kwenye maneno ya taarifa, na utakuta "na" iliyosomwa vibaya. Makosa yakiwa mawili ya upande mmoja, yaani yote kwenye yaliyoingia au yote kwenye yaliyotoka, jibu litakuwa jumla ya namba zote mbili. 45, kwa mfano, ingekuwa ile arobaini na ile tano kwa pamoja.

Kuna makosa ambayo 999 haiyakamati. Kurudia kusikozidishwa ni moja: hisa zikiandikwa 10,000 badala ya 180,000, pengo ni 170,000, nalo linagawanyika kwa 17, yaani wanachama wote kasoro mmoja. Lingine ni masikio. Sita na sitini, saba na sabini, tisa na tisini hutofautiana mwishoni tu, na mwisho wa neno ndio unaozama pale watu wanapozungumza kwa wakati mmoja au bati linapopigwa na mvua. Thelathini na themanini nazo hufanana ukisikia kwa mbali. Aliyesikia "elfu sita" badala ya "elfu sitini" atakuwa na pengo la 54,000. Pengo la saba kwa sabini ni 63,000, na la tisa kwa tisini ni 81,000. Ukiona mojawapo, rudi kwenye rekodi, au muulize mlipaji mwenyewe.

Lugha ya mtaani nayo huingia kikaoni bila kubisha hodi. Tanzania, jero ni 500 na buku ni 1,000, na "buku jero" ni 1,500, si 500,000. Msimbazi ni noti ya 10,000. Kenya, soo ni 100 na ngiri ni 1,000. Kwenye muhtasari maneno haya yasiandikwe kabisa. Geuza kuwa tarakimu, kwa sababu atakayeusoma muhtasari miaka mitatu baadaye huenda asiyajue, au akawa anatoka ng'ambo ya mpaka.

Yapo pia maneno ambayo msemaji ameyaweka makusudi ili asibanwe na kiasi kamili. Muhtasari usimbane kwa niaba yake. "Laki tatu na ushee" ni zaidi ya 300,000, na ndivyo iandikwe: "zaidi ya Sh 300,000". Kuandika 300,000 tupu ni kumpunguzia. "Kama elfu hamsini hivi" ni "takriban Sh 50,000". "Elfu tano hadi saba" iandikwe Sh 5,000 hadi 7,000, maana elfu ya mwanzo inatawala namba zote mbili. Nimeona karatasi iliyoandikwa "5,000 hadi 7" na ikasomwa vile mbele ya watu. "Kasoro" peke yake ndiyo isiyokadiria, inatoa: elfu ishirini kasoro mia tano ni 19,500 kamili.

Kuhusu namna ya kuandika tarakimu yenyewe, Afrika Mashariki mkato hutenga maelfu na nukta hutenga senti: Sh 15,000 au Sh 15,000.00. Alama ya 15,000/= hutokana na mazoea ya zamani ya kuandika shilingi na senti kwa mstari katikati, ambapo 2/50 ilikuwa shilingi mbili na senti hamsini. Vistari viwili baada ya mstari vinamaanisha hakuna senti. Haina ubaya, ila usiichanganye na .00 kwenye kiasi kimoja. Ukiwasiliana na wenzako wa Kongo au Burundi, kumbuka kwamba waliosoma kwa Kifaransa wanaweza kuandika 15.000 kwa kiasi hichohicho, na Mtanzania akaisoma shilingi kumi na tano. Na ukiwa Namanga, Holili au Sirari, "elfu kumi" haijakamilika mpaka ijulikane ni ya nchi gani, kwa hiyo kila tarakimu ibebe TSh au KSh yake, hata kama ukurasa mzima ni wa fedha moja.

Kwa kiasi kinachozaa deni, mkopo au ahadi, andika tarakimu na maneno pamoja. Hapa mpangilio wa maneno una uzito, kwa sababu kwenye hundi na hati za namna hiyo sheria huyatanguliza maneno pale yanapopingana na tarakimu. Ukiandika "Sh 15,000 (elfu kumi na tano)" umeweka kwenye mabano maneno yanayoweza kubishaniwa, na ndiyo yenye nguvu. Andika "Sh 15,000 (shilingi kumi na tano elfu tu)", na mkopo wa mfano wetu uandikwe "Sh 220,000 (shilingi mia mbili na ishirini elfu tu)".

Kilichobaki na shaka baada ya kupima yote haya kisipewe tarakimu ya kukisia. Kiandike kama kilivyotamkwa, ndani ya alama za kunukuu, "milioni mbili na tano", uweke alama pembeni, na umsomee mweka hazina kabla mwenyekiti hajatia saini.